Mama kuzimia ghafla katika uchungu: maswali kuhusu maji ya uzazi kuingia kwenye damu

Mimi ni muuguzi mkunga, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita leba. Maswali haya yanatoka pande mbili: kwa ndugu wa wazazi, ambao huuliza baada ya jambo kutokea, na kwa wakunga wapya, ambao huuliza kabla ya zamu yao ya kwanza ya usiku. Nimeyaweka pamoja kwa makusudi. Ndugu wana haki ya kujua tunachofanya nyuma ya pazia, na mkunga mpya anatakiwa kujua ndugu watakachomuuliza asubuhi.

Hali hii ni nini hasa?

Mtoto akiwa tumboni anaelea ndani ya maji, yale yanayomwagika chupa inapopasuka. Ndani yake mna vipande vya ngozi ya mtoto, vinyweleo, ute mweupe unaompaka mwilini, na kemikali nyingi. Kwa kawaida maji hayo na damu ya mama havikutani. Lakini uchungu unapokolea, kondo linapoachia au kisu kinapokata kizazi, mishipa midogo hubaki wazi na maji kidogo yanaweza kupenya. Kwa akina mama karibu wote hakuna kinachotokea.

Kwa wachache sana mwili unayapokea kama sumu. Mishipa ya damu ya mapafu inabana kwa mkupuo mmoja. Upande wa kulia wa moyo, ambao kazi yake ni kusukuma damu kwenda mapafuni, unakuta mlango umefungwa, unajaa na kuvimba. Upande wa kushoto unakosa damu ya kusukuma, presha inaanguka, na oksijeni haifiki kwenye ubongo. Mama aliyekuwa anaongea sasa hivi anazimia. Akivuka hapo, mara nyingi linafuata la pili: damu yake inapoteza uwezo wa kuganda.

Mbona kitaalamu inaitwa embolizimu ya maji ya uzazi, yaani kuziba kwa mshipa, wakati hamsemi kuna kitu kimeziba?

Jina limebaki tu. Mwaka 1926 daktari mmoja nchini Brazili aliandika kisa cha kwanza, na mwaka 1941 Steiner na Lushbaugh wa Chicago walieleza wanawake wanane waliofariki ghafla katika uzazi na kukutwa na vipande vya ngozi ya mtoto ndani ya mishipa ya mapafu. Ikaeleweka kwamba vipande vile ndivyo vilivyoziba, kama takataka zinavyoziba bomba. Baadaye ikaonekana kwamba hata wajawazito wazima wanaweza kuwa na chembe kama hizo kwenye damu ya mapafu bila kuumwa. Mwaka 1995 Clark na wenzake nchini Marekani walipochambua visa vilivyosajiliwa, walisema hali hii inafanana zaidi na mwili kushtuka kwa mzio mkali kuliko mshipa kuziba. Walipendekeza hata jina libadilishwe, ila la zamani ndilo lililoshika.

Hili lina uzito kwa familia pia. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ikisema chembe za mtoto zimeonekana mapafuni, hiyo peke yake haitoshi kuthibitisha kilichomuua mama. Inabidi isomwe pamoja na kilichoandikwa kwenye faili, hasa saa na dakika.

Inatokea mara ngapi?

Takriban mzazi mmoja kati ya 40,000, ingawa hesabu hubadilika kutegemea nani anahesabu na kwa vigezo gani. Ukichukua hospitali inayozalisha akina mama 5,000 kwa mwaka, ni kisa kimoja katika miaka minane. Mkunga anaweza kustaafu bila kukiona, au akakiona mara moja tu, na mara hiyo hatapata nafasi ya kwenda kusoma.

Nani yuko hatarini? Je, ingezuilika?

Visa vimeonekana zaidi kwa akina mama wenye umri mkubwa, wenye mapacha, waliopata upasuaji, wenye kondo lililotangulia na walioanzishiwa uchungu. Lakini wengi wenye sifa hizo hujifungua salama, na wengine wanaopata hali hii hawana hata sifa moja. Hakuna kipimo cha kliniki kinachotabiri, na hakuna dawa ya kukinga.

Ndugu huniuliza sana kuhusu dripu ya uchungu. Zamani iliaminika kwamba uchungu mkali ndio unaoyasukuma maji kwenye damu. Hilo halijathibitishwa. Mara nyingi uchungu unaoonekana mkali kabla ya mama kuzimia ni mwili wenyewe kushtuka, kizazi kikibana kwa sababu tatizo limeshaanza. Siyo kwamba dripu haina hatari. Ikitumiwa vibaya inaweza kupasua kizazi, na hilo ni kosa jingine lenye dalili zake. Tusiyachanganye mawili haya.

Dalili ya kwanza inakuwaje?

Mara nyingi mama mwenyewe ndiye anayetangulia kujua. Anasema, "Nesi, najisikia vibaya," au "Nakufa," na anayasema kwa sauti tofauti na ile ya uchungu. Mama mwenye uchungu hulalamika uchungu ukija na kupumua ukiondoka. Huyu halalamikii tumbo. Anahangaika, anataka kukaa, anakohoa kikohozi kikavu, anatetemeka. Wakunga wapya nawaambia: mama akikwambia anakufa, usimjibu "jikaze mama". Mfungie kipima oksijeni kidoleni na umpime presha papo hapo.

Kisha ndani ya dakika chache pumzi inakata, midomo inageuka rangi, presha ya juu inashuka chini ya 90, oksijeni chini ya asilimia 90. Mapigo ya mtoto, yaliyokuwa 140, yanaporomoka. Wengine wanapata degedege, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea njia wakidhani ni kifafa cha mimba. Wengine moyo unasimama moja kwa moja bila onyo lolote.

Mnajuaje kwamba ni hii na si kitu kingine?

Katika dakika zile hatujui, na hatuhitaji kujua ili kuanza kazi. Hakuna kipimo cha damu kinachotoa jibu. Tunaitambua kwa mfuatano wa mambo na kwa kuondoa mengine moja baada ya jingine.

Mfuatano ndio ufunguo. Vigezo vilivyochapishwa mwaka 2016 kwa ajili ya utafiti vinataka mambo manne yawepo kwa pamoja. Kwanza, moyo kusimama ghafla, au presha kushuka pamoja na pumzi kushindwa. Pili, damu kushindwa kuganda, na hili lionekane kabla mama hajamwaga damu nyingi kiasi cha kumaliza vigandishi vyake. Tatu, yote yaanze wakati wa uchungu au ndani ya dakika 30 baada ya kondo kutoka. Nne, mama asiwe na homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati wa uchungu, kwa sababu homa inaelekeza kwenye maambukizi. Kuna visa vya kweli ambavyo havitimizi yote manne, kwa hiyo kitandani vinatusaidia kufikiri, si kumkatalia mgonjwa matibabu.

Yanayofanana nayo ni mengi. Kifafa cha mimba huja na presha ya kupanda, si ya kuanguka. Kondo likiachia mapema, tumbo linakuwa gumu kama ubao na lina maumivu makali. Kizazi kikipasuka, uchungu unakata ghafla na viungo vya mtoto vinashikika chini ya ngozi. Ganzi ya mgongo ikipanda juu mno, mama anaanza kushindwa kusogeza mikono na sauti inafifia. Mzio wa dawa unaacha vipele na uvimbe, na huwa kuna sindano iliyotangulia dakika chache kabla. Mama aliye kwenye magineziamu, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, anaweza kuwa amezidishiwa: goti halirudishi ukiligonga, pumzi zinakuwa chache. Huyo magineziamu inasimamishwa na anapewa kalsiamu glukoneti palepale.

Nimesikia jina hili likitumiwa kufunika uzembe. Ni kweli?

Linaweza kutumiwa hivyo, na sioni sababu ya kuficha. Mama aliyevuja damu kwa muda wa saa mbili bila mtu kumwangalia, kisha akazimia, hakufa kwa maji ya uzazi. Amekufa kwa damu. Yeye pia mwishoni damu yake haigandi, kwa sababu vigandishi vimekwisha, na kwa mtu anayetazama mwisho tu, vifo hivi viwili vinafanana.

Tofauti ni nini kilitangulia. Katika hali tunayoizungumzia, mama anazimia kwanza na damu inaanza kumwagika baadaye. Katika kuvuja damu, damu inatangulia na kuzimia kunafuata. Kwa hiyo familia inayotaka kuelewa isiulize tu "alikufa na nini?" Iulize: presha ya mwisho iliyokuwa nzuri iliandikwa saa ngapi? Alizimia saa ngapi? Damu ilianza kutoka saa ngapi, na ilikuwa kiasi gani wakati anazimia? Mhudumu aliyeandika faili lake vizuri hataogopa maswali haya.

Mama akizimia leba, dakika ya kwanza inafanyika nini?

Unapiga kelele za kuita watu, na unaangalia kama anapumua na kama ana mapigo. Hana? Kitanda kinalazwa, anawekwa chali juu ya kitu kigumu, kifua kinaanza kukandamizwa katikati, nusu ya chini ya mfupa wa kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mikandamizo 30, pumzi 2 kwa ambubegi, mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, yenye oksijeni. Adrenalini ni miligramu 1 kwenye mshipa kila dakika 3 hadi 5, sawa na mtu mzima yeyote. Mashine ya kushtua moyo ikiwepo inatumika kama kawaida, ujauzito hauzuii.

Kinachoongezeka kwa mjamzito ni mkono wa mtu mmoja zaidi. Tumbo la miezi tisa, mama akilala chali, linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Unaweza kukandamiza kifua kwa ustadi wote na moyo ukawa mtupu. Kwa hiyo mtu mmoja anasimama upande wa kushoto wa mama, anakumbatia tumbo kwa mikono miwili na kulivuta kuelekea kwake. Akiwa upande wa kulia, analisukuma kutoka kwake. Halishindiliwi chini, linasogezwa pembeni tu, na mkono hautoki hapo mpaka mtoto atoke. Kumlaza mama ubavu, kama tunavyofanya mama akiwa na fahamu, hapa hakufai: kifua hakikandamiziki vizuri mtu akiwa ubavu.

Na dripu ziwekwe mikononi, si miguuni. Dawa iliyochomwa mguuni inabaki chini ya kizuizi kilekile.

Kwa nini mnampasua mama ambaye moyo umesimama? Si ni kumuua kabisa?

Swali hili huulizwa kwa machozi, na linastahili jibu kamili. Upasuaji ule unafanyika kwanza kwa ajili ya mama. Mtoto akitoka, kizazi kinasinyaa, mshipa uliokandamizwa unafunguka, damu iliyokuwa kwenye kizazi inarudi kwenye mzunguko, mapafu yanapata nafasi ya kutanuka. Kuna akina mama ambao mapigo yao yalirudi baada tu ya mtoto kutolewa.

Hesabu tunayofuata ni hii: ikiwa kizazi kimefika kitovuni au juu zaidi, na mapigo hayajarudi ndani ya dakika 4, kisu kinaanza, ili mtoto awe nje dakika ya 5. Kwa hesabu hiyo hakuna nafasi ya kutafuta machela, kusukuma kitanda hadi chumba cha upasuaji na kupaka dawa kwa utaratibu. Anapasuliwa pale alipo, kwa kisu kimoja na vibanio viwili, huku kifua kikiendelea kukandamizwa. Damu itakuwa kidogo sana kwa sababu moyo haupigi. Kama njia imefunguka yote na kichwa cha mtoto kiko chini kabisa, anavutwa kwa vakyumu badala ya kupasuliwa.

Pale ambapo hakuna daktari wa kupasua, kama kwenye zahanati, mkunga anaendelea na kifua, pumzi na kusogeza tumbo huku gari likiitwa. Sitawadanganya kwamba hiyo inatosha.

Nioneshe inavyokwenda, tangu mwanzo.

Hiki ni kisa nilichokiunganisha kwa ajili ya kufundishia, si cha mama mmoja.

Mama ana miaka 36, mimba ya nne, wiki 39. Chupa imepasuka saa nane usiku, maji meupe. Saa tisa kasoro robo njia imefunguka sentimita 7, joto 36.8, presha 124 kwa 78, mapigo ya mtoto 142. Saa tisa na dakika kumi anamshika mkunga mkono na kusema, "Dada, mimi naondoka." Anakohoa mara tatu. Kipima oksijeni kinasoma 81, kisha 74. Presha 64 kwa 30. Mtoto 70.

Saa tisa na dakika kumi na mbili macho yanageuka, mwili unakakamaa kwa sekunde chache, unalegea. Hakuna mapigo. Mkunga anapiga kengele na kuanza kifua. Wa pili anavuta tumbo kushoto. Wa tatu yuko kwenye pumzi. Mhudumu wa wodi amesimama na saa ukutani, anaita dakika kwa sauti na kuandika. Hiyo peke yake ni kazi, na apewe mtu. Adrenalini ya kwanza inaingia dakika ya pili. Dakika ya nne daktari hasubiri jibu la mtu yeyote, anakata. Saa tisa na dakika kumi na saba mtoto yuko mikononi mwa mkunga mwingine, amelegea, anapumuliwa kwa ambubegi ya watoto.

Adrenalini ya pili. Saa tisa na dakika ishirini na moja mapigo ya mama yanarudi.

Hapo watu wanataka kupumua, na hapo ndipo nusu ya pili ya kazi inapoanza. Jeraha lililokuwa kavu linaanza kutoa damu nyembamba kama chai ya rangi, isiyo na mabonge. Sehemu alipochomwa dripu inachuruzika. Fizi zinatoka damu. Daktari anashona kizazi na kila tundu la sindano linavuja. Damu imechukuliwa kwenye bomba la kioo saa tisa na dakika ishirini na tatu, na saa tisa na nusu bado ni maji.

Benki ya damu ilikuwa imepigiwa simu tangu mapigo yaliposimama, kabla tone halijamwagika. Ndiyo sababu chupa ya kwanza ya damu inafika mama akiwa bado na presha ya kushikika. Anapewa oksitosini ya kukaza kizazi, na asidi ya traneksami, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 taratibu kwa dakika 10. Kizazi hakikazi. Kinafungwa kwa mshono wa kukibana, bado kinavuja, na kabla ya alfajiri kinatolewa. Saa tatu asubuhi, akiwa kwenye mashine ya kupumulia, anaondoka na gari la wagonjwa kwenda hospitali ya rufaa.

Hilo bomba la kioo ni kipimo gani?

Ni kipimo ambacho kila leba inaweza kukifanya hata umeme ukikatika, na ndicho kitu kimoja ningependa kila mkunga ajifunze kwa mikono yake. Shirika la Afya Duniani limekiweka kwenye mwongozo wake wa dharura za uzazi.

Chukua mililita 2 za damu ya mshipa, uiweke kwenye bomba dogo la kioo, safi, kavu, lisilo na dawa yoyote ndani. Lifumbate kwenye ngumi ili lipate joto la mwili wako. Tazama saa. Baada ya dakika 4 liinamishe polepole uone kama bonge limeanza. Halijaanza? Rudisha kwenye ngumi, uinamishe tena kila dakika. Damu isiyo na tatizo inashika, na mwishowe unaweza kulipindua bomba isimwagike. Ikifika dakika ya 7 bado inatembea, au bonge ni laini na linavunjika ukiligusa, damu hiyo haigandi.

Kosa ninaloliona sana ni la bomba lenye kifuniko cha zambarau. Ndani yake mna dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo hata damu yangu mimi mzima haitashika humo mpaka kesho. Mabomba ya plastiki nayo yanadanganya. Nilipokuwa mgeni kazini, tulitafuta bomba la kioo usiku mmoja na kukuta yamefungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulikuwa na mtu aliyekwenda likizo. Tangu hapo nabandika mawili kwa plasta ubavuni mwa toroli ya dharura. Plasta ikilegea nabandika upya.

Damu ikikataa kuganda, mnampa nini?

Kinachokosekana ni vigandishi, na havimo kwenye maji ya dripu. Lita tatu za maji zinaifanya damu kuwa nyembamba zaidi, na pia zinaujaza ule upande wa kulia wa moyo ambao tayari umevimba, kisha mapafu yanajaa maji. Ndiyo maana mama huyu hapewi maji kwa kumimina kama anayevuja damu tu. Anapewa kwa kipimo, na presha inapandishwa kwa dawa za kubana mishipa, kama noradrenalini au adrenalini ya dripu, kwa yeyote anayejua kuzitumia.

Hospitali kubwa inampa chembe nyekundu, plazma na chembe sahani kwa uwiano unaolingana, pamoja na kriyo, yenye kigandishi kikuu kinachoisha mapema. Hospitali ya wilaya mara nyingi haina hivyo vyote. Hapo damu nzima mbichi, iliyotolewa muda huo na kupimwa, ndiyo bora, kwa sababu ina kila kitu ndani yake. Kwa hiyo ndugu mkiitwa usiku mje kutoa damu, msidhani ni mtego wa hela au ishara kwamba mgonjwa ameshakwenda. Mikono yenu inahitajika kweli.

Wakati huo joto lake linalindwa, kwa sababu mwili wa baridi haugandishi damu. Kizazi kinabanwa kwa mikono miwili, puto la kondomu linawekwa ikibidi, na uamuzi wa kukitoa usicheleweshwe mpaka mama amebaki na matone.

Mtoto anakuwaje?

Inategemea dakika alizokaa tumboni baada ya moyo wa mama kuanguka. Wengi waliotolewa haraka wanaishi. Baadhi yao ubongo unakuwa umekosa oksijeni: wanachelewa kulia, hawanyonyi, wanapata degedege siku ya kwanza. Hao wanahitaji wodi ya watoto wachanga na ufuatiliaji wa ukuaji miezi inayofuata. Baba aliyeachiwa mtoto anayenyonya vizuri na kulia kwa nguvu siku ya tatu ana sababu ya kuwa na moyo mwepesi, ila tarehe za kliniki asiziruke.

Wanaopona ni wengi?

Zamani iliandikwa kwamba zaidi ya nusu hufariki. Ripoti za miaka ya karibuni, kutoka sehemu zenye vyumba vya wagonjwa mahututi, zinaonesha wengi wanaishi, ingawa kwa wale ambao moyo ulisimama kabisa hali ni ngumu zaidi. Figo zinaweza kusimama kwa siku kadhaa na kurudi. Anaweza kuamka bila kumbukumbu yoyote ya kujifungua. Mueleze polepole, na mueleze tena kesho, maana atauliza tena. Ukipata ruhusa ya familia, picha ya mtoto siku ya kwanza inamsaidia kuamini kwamba ni wake.

Kuna jambo moja ambalo hupotea baada ya ruhusa ya kwenda nyumbani. Mama aliyemwaga damu nyingi anaweza kuumia tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoongoza homoni. Nyumbani maziwa hayatoki hata tone, hedhi hairudi kama kizazi kipo, anachoka kupita kiasi, anasikia baridi, nywele za kwapani zinapukutika. Watu husema ni uchungu wa moyo. Arudi hospitali na kusema wazi, "Nilivuja damu sana wakati wa kujifungua," apimwe homoni. Dawa zake zipo.

Akibeba mimba tena, itajirudia?

Kama kizazi chake hakikutolewa, anaweza kubeba. Akina mama waliopona na kuzaa tena wameripotiwa, na walio wengi katika ripoti hizo hawakupata tena hali ile. Idadi yao ni ndogo, kwa hiyo hakuna anayeweza kumpa ahadi. Ninachomwambia mama wa namna hiyo, na shemeji aliyekaa pembeni yake, ni kwamba akajifungulie hospitali yenye damu na daktari wa usingizi usiku na mchana, na karatasi ya ruhusa ya mara ile aiweke ndani ya kadi ya kliniki. Akifika leba aitoe kabla ya kuulizwa, ili damu yake ipimwe kundi na ya akiba iwekwe siku hiyohiyo.